Dawa Imekwisha, Kuhara Kumerudi

Baraka: Karibuni. Leo niko na dada Zainabu, mfamasia, na tunaanza na swali la msikilizaji. Mama yake alilazwa kwa nimonia, akapewa antibaiotiki, kifua kikapona. Siku chache baadaye akaanza kuhara, mara sita kwa siku. Wakagundua ni bakteria anayeitwa Klostridioidesi difisile, wakamtibu, akapata nafuu. Wiki mbili hazijaisha, kuhara kukarudi. Dawa ilikuwa mbovu?

Zainabu: Hapana, inawezekana ilifanya kazi yake barabara. Baada ya tiba ya kwanza, karibu mgonjwa mmoja kati ya watano huugua tena. Akishaugua tena, uwezekano wa kurudi mara nyingine unapanda.

Baraka: Sasa inarudi kutoka wapi?

Zainabu: Kwenye spora. Difisile haipendi hewa ya oksijeni, kwa hiyo inajifunga ndani ya ganda gumu na kulala. Vankomaisini ya kunywa, dawa inayotibu difisile, inaua bakteria walio macho, wale wanaotoa sumu inayochubua utumbo mpana. Spora haili, haikui, dawa haina pa kuishika. Dozi ikiisha, inaamka.

Baraka: Lakini mimi huenda nimemeza spora hizo na sijaugua.

Zainabu: Na watoto wachanga wengi wanabeba difisile bila shida yoyote! Kinachokulinda wewe ni bakteria wenzako wa tumboni. Ini linamwaga asidi za nyongo kwenye utumbo. Zikiwa bado ghafi, baadhi yake ndizo zinazoiamsha spora. Bakteria wachache wa utumbo mpana huzibadilisha zikawa asidi za aina nyingine, ambazo difisile haiwezi kukua ndani yake. Antibiotiki ya nimonia ikiwafagia hao, asidi inabaki ghafi. Spora inaamka, na hakuna wa kuizuia wala kugombea naye chakula.

Baraka: Kwa hiyo dawa ile ile ya kutibu difisile…

Zainabu: Nayo ni antibaiotiki, ndiyo. Inamuua adui huku ikichelewesha walinzi kurudi.

Baraka: Na wodini je? Maana mama huyu alilazwa.

Zainabu: Spora inakaa miezi kwenye vyuma vya kitanda, kiti cha choo, kitasa. Halafu ile dawa ya mikono yenye spiriti, tunayoipaka mlangoni kwa kujiamini, haiiui. Mikono inahitaji sabuni na maji yanayotiririka, ambayo yanaiondoa tu, hayaiui pia. Muuguzi avae glavu. Kitanda kipigwe jiki, na iachwe ilowe muda ulioandikwa, siyo kupangusa hapo hapo. Ukipangusa mapema unazisambaza tu.

Baraka: Haya, tufike kwenye tiba ya kinyesi cha mtu mwenye afya. Wanaokula sasa hivi, tunawaomba radhi.

Zainabu: (anacheka) Wamalize kwanza. Mwaka 1958 madaktari wa Denver, Marekani, waliwapa wagonjwa wanne wenye uvimbe mkali wa utumbo kinyesi cha watu wenye afya kwa enema, yaani kwa kuingizwa njia ya haja kubwa, wakapona. Jaribio la maana zaidi lilikuja kutoka Amsterdam, likachapishwa mwaka 2013. Wagonjwa wote walikuwa wamerudiwa na difisile. Kundi moja walipewa vankomaisini siku chache, wakasafishwa tumbo kwa dawa ya kuharisha, kisha kinyesi cha mchangiaji aliyepimwa, kilichochanganywa na maji ya chumvi na kuchujwa, kikapitishwa kwa mrija wa puani hadi utumbo mwembamba. Kati ya 16, waliopona kwa mara moja ni 13. Wengine watatu walipewa kinyesi mara ya pili, wawili wakapona. Waliopewa vankomaisini peke yake, walipona 4 kati ya 13. Jaribio likasitishwa mapema kwa sababu tofauti ilikuwa wazi mno.

Baraka: Yaani walinzi walirudishwa kwa jumla.

Zainabu: Na asidi za nyongo zikarudi kwenye hali yake. Ila mgonjwa akipewa antibaiotiki nyingine mwezi ujao, kazi hiyo inaweza kuharibika.

Baraka: Nyumbani mtu asijaribu?

Zainabu: Asithubutu. Mwaka 2019 Marekani ilitoa onyo baada ya wagonjwa wawili wenye kinga dhaifu kupata bakteria sugu wa E. koli kutoka kwa mchangiaji mmoja. Mmoja alifariki. Mchangiaji anapimwa damu na kinyesi, na wengi wanakataliwa. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha vidonge vyenye spora za bakteria wazuri, zilizotolewa kwenye kinyesi na kusafishwa kwa ethanoli, yaani spiriti.

Baraka: Kumbe ganda hilo hilo lililotusumbua wodini ndilo linalowaokoa!

Zainabu: Ndiyo hivyo. Spiriti inaua vijidudu vingine vingi, spora zinabaki hai.

Baraka: Na mama akipona, apimwe tena kuhakikisha?

Zainabu: Asipimwe kama haharishi. Kipimo cha kutafuta jeni kinaweza kusema ipo kwa wiki kadhaa, hata kama sumu haitolewi tena. Akianza kuhara upya, mara tatu au zaidi kwa siku, hapo ndipo sampuli iende maabara.