Kutoka daftari la malalamiko hadi ukurasa mmoja wa meneja

Ndugu zangu wa huduma kwa wateja, habari za asubuhi. Wengi wenu mmetoka mamlaka za maji, kwa hiyo mfano wangu utakuwa wa huko. Tuseme mwezi umeisha, daftari lina malalamiko 240, na meneja anataka ukurasa mmoja.

Kwanza shughulikieni yanayojirudia. Bomba kuu likipasuka, mtaa mzima hupiga simu. Mkikuta mistari 31 ya "hakuna maji" kutoka mtaa mmoja, asubuhi moja, hilo ni tukio moja lililogusa wateja 31. Andikeni namba zote mbili. Ukibaki na 31 peke yake, meneja atadhani mabomba yamepasuka mji mzima; ukibaki na moja, hataona ni watu wangapi waliokosa maji.

Sasa tuje kwenye jambo lililonileta hapa. Aina ya lalamiko ni kile alichosema mteja. Chanzo ni kile alichokikuta fundi au msoma mita alipofika. Hivi viwili viwekwe kwenye safu tofauti, na safu ya chanzo isijazwe kwa kubahatisha pale kaunta. Kama hakuna aliyekwenda kuangalia, andika "bado hakijajulikana".

Chukua "bili kubwa". Tuseme ziko 90 kati ya zile 240. Ukimpelekea meneja neno hilo tu, hana la kufanya nalo. Lakini chukua bili ya mteja, linganisha usomaji uliochapishwa na namba iliyo kwenye mita leo. Kama mita iko nyuma ya bili, basi msomaji alikosea au alikadiria. Kama namba zinafuatana vizuri, mwambie mteja afunge koki zote, kisha mtazame mita. Ikiendelea kuzunguka, maji yanavuja upande wake, mara nyingi kwenye tangi la choo au bomba lililofukiwa uani. Isipozunguka, msikimbilie kusema mteja ndiye mwenye makosa. Fungueni historia ya usomaji wake.

Hapo ndipo mtaona jambo linalojificha sana. Geti lilikuwa limefungwa miezi miwili, msomaji akakadiria chini. Mwezi wa tatu geti likafunguliwa, mita ikasomwa sawasawa, na uniti zote zilizoachwa nyuma zikaangukia bili moja. Pale ambapo bei ya uniti hupanda kadiri matumizi yanavyoongezeka, mteja anatozwa bei ya juu kwa maji ambayo kwa kweli aliyatumia kidogo kidogo. Huyo ana haki ya kulalamika hata kama mita ni nzima kabisa, na inaniuma kumwona akirudishwa nyumbani kwa jibu la "mita iko sawa".

Kwa hiyo zipangeni zile bili 90 kufuata njia anayopita msoma mita na tarehe ya usomaji. Tuseme 52 zinatoka njia mbili tu, na nyingi kati yake zilitanguliwa na makadirio. Sasa meneja ana mahali pa kuanzia.

Kuhusu muda, saa inaanza mteja anapotoa taarifa, si pale karani anapoiingiza kwenye mfumo. Simu ya Ijumaa jioni iliyoingizwa Jumatatu imeshakula siku tatu. Tenganisheni pia siku ya kujibiwa na siku ya kutatuliwa, maana ujumbe wa "tumepokea lalamiko lako" hauzibi bomba.

Na wastani mwaujua unavyodanganya. Malalamiko saba yaliyotatuliwa kwa siku 1, 1, 2, 2, 3, 4 na 43 yana wastani wa siku 8, na hakuna hata mteja mmoja aliyesubiri siku 8. Yapange kwa ukubwa uchukue la katikati: siku 2. Kwenye Excel, kama siku ziko safu ya F:

```
=MEDIAN(F2:F8)
```

Kisha mtaje lile la siku 43 peke yake, na sababu yake. Kuna mtego mmoja zaidi: lalamiko ambalo bado liko wazi halina tarehe ya kufungwa, seli yake ya siku ikiachwa tupu fomula huiruka. Mkiacha hivyo, mwezi ambao mmelimbikiza kazi nyingi unaweza kuonekana wa haraka kuliko yote. Yaliyo wazi yapewe mstari wake: mangapi, na la zamani kuliko yote lina siku ngapi.

Mstari wa kwanza wa ukurasa huo, kwa mfano wetu, ningeuandika hivi: "Malalamiko ya bili ni 90, 52 yanatoka njia mbili za usomaji, mengi baada ya makadirio. Tunaomba kibali cha kuzigawa upya uniti za wateja hao kwa miezi yake, na namba za simu za wenye mageti yanayofungwa zichukuliwe kabla ya usomaji ujao."