Mleteni akiwa bado anauliza "au ni mimi tu?"

Shikamooni wazee, wengine habari za jioni. Wengi mshanisikia nikiliongea hili la saikosisi, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu aamini au asikie visivyokuwepo, na leo nalirudia, maana bado tunapokea vijana wodini wamefungwa kamba mikononi, ukiuliza ameanza lini baba mtu anakwambia "jana usiku, alikuwa mzima kabisa." Hapana mzee wangu! Jana usiku kavunja kioo cha kabati, ila ugonjwa ulishakaa humo ndani miezi.

Ngoja niwape mmoja, nimebadilisha mambo mawili matatu asijulikane. Fundi simu, miaka 21. Baba hana anachojua, nikakaa pembeni na dada yake na yeye ndo akanipa mambo yote. Mwezi wa tatu kijana alianza kukesha, analala alfajiri. Mpira akaacha, kijiweni haonekani, simu za wateja zinakaa wiki mbili mezani, kuoga mpaka asukumwe. Sasa mtaniambia, nesi, hivyo si ndivyo vijana walivyo? Kweli kabisa, inaweza kuwa mapenzi, inaweza kuwa bangi, inaweza kuwa madeni, kwa hilo peke yake hatuwezi kusema ni saikosisi. Ninachowaomba mwangalie ni mabadiliko, mnamlinganisha na yeye mwenyewe alivyokuwa mwaka jana, sio na mtoto wa jirani, na kama yanazidi kila mwezi basi muwe macho.

Mwezi wa tano wako sebuleni, redio inaongea, mtangazaji anasalimia wasikilizaji, kijana akapunguza sauti akamuuliza dada yake taratibu, "huyu kama ananisema mimi, au ni mimi tu?" Hapo ndipo nataka mnisikilize. Ule mlango wa shaka bado uko wazi, anahisi kitu cha ajabu na mwenyewe anajua ni cha ajabu, anaomba msaada. Dada akacheka tu, na simlaumu, nani alimfundisha?

Mwezi wa saba hakuuliza tena. "Wananisema." Dada akamwambia redio inasikika nchi nzima wewe, akajibiwa "ndo ujanja wao huo." Mnaona? Ushahidi wa kumpinga umegeuka kuwa ushahidi wa kumuunga mkono. Hiyo ndo sisi tunaita imani potofu, sio kosa la kawaida wala ubishi, ni imani isiyo kweli ambayo mtu kaishika hata umwonyeshe nini haachii, na jamii yake mwenyewe haiamini hivyo. Ndo maana kubishana naye ni kazi bure, mnachosha kila mtu, wala msimkubalie eti "kweli wanakusema." Mwambie tu naona unaogopa, niko hapa, twende tukaongee na mtu.

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema, basi wote tunaoamini majini ni wagonjwa? La hasha. Mtaa mzima unaamini majini, hiyo ni imani yenu, sio ugonjwa. Ila kijana akisema jini limepandikiza chombo kwenye jino lake linasoma mawazo yake, na bibi yake anayejua majini kuliko sote hapa anashangaa, hapo tunaongea kitu kingine.

Maruweruwe nayo watu wanachanganya. Usiku ukaona kamba ukadhani nyoka, hiyo sio maruweruwe, kamba si ipo? Maruweruwe ni kusikia au kuona wakati hakuna kitu kabisa, na anayesikia sauti anaisikia kama sauti halisi, mara nyingi kwa nje kama mnavyonisikia mimi sasa, haioni kama mawazo yake mwenyewe. Kijana wetu mezani anageuka ghafla, "unasemaje?", na hakuna aliyeongea, au anatabasamu akiangalia ukuta. Mjane akisikia mumewe anamwita wiki ya msiba, usimkimbize hospitali, huzuni inafanya hivyo. Ila sauti zikimwamuru ajidhuru au adhuru mtu, hiyo ni leo leo, msingoje kesho.

Naona naonyeshwa saa, basi haraka. Mtu akianza ghafla ndani ya siku chache, ana homa, amechanganyikiwa hajui yuko wapi, au anaona vitu zaidi kuliko kusikia, fikirieni kwanza malaria, kifafa, dawa, au pombe aliyoiacha ghafla, mkimbizeni hospitali ya kawaida wampime damu. Mama aliyejifungua juzi vivyo hivyo, siku hiyo hiyo.

Na dawa, jamani. Akipewa haloperidoli alafu shingo ikampinda au ulimi ukatoka nje, hajarogwa upya, dawa imembana misuli, mrudisheni siku hiyo hiyo kuna dawa ya kulegeza na inafanya kazi haraka. Msimfungie ndani mkasema hospitali imemharibu, maana akiogopa dawa siku ya kwanza, kumrudisha kwenye matibabu inakuwa kazi kubwa sana.