Wati 600, inverta ya 1000, na bado yakata

Haya jamani, mlio nyuma sogeeni mbele, hii feni yanimeza sauti.

Nianze na kesi ilonifanya nije na mada hii ya pawa fakta, na PFC, ile sakiti ya kuirekebisha. Gesti moja kule Lamu ina tivii sita za bei rahisi, kila moja yala wati 100, zote ziko kwa inverta ya VA 1000, yaani volti mara ampia zisizidi 1000. Fundi akajumlisha akapata 600, akaona nafasi bado tele. Usiku zikiwashwa zote inverta yapiga kelele halafu yazima. Akatia klampu mita, ikamsomea ampia 2 na kidogo, basi akasema inverta ni mbovu. Inverta nzima kabisa.

Tufungue power saplai ya hiyo tivii. Stima yaingia kwa briji ya daiodi nne, kisha moja kwa moja kwa kapasita kubwa, tuseme maikrofaradi 100. Volti zetu 240 kileleni zafika kama 339, na kapasita yajaa hadi hapo.

Sasa nyinyi watu wa pwani hili mwalijua. Chukua bwawa nyuma ya tuta, maji ya bahari huingia lini? Si wakati wote yanapojaa, ni pale tu yanapopita kimo cha maji yaliyo ndani, na ni lazima yaingie kwa haraka kabla hayajaanza kupwa. Daiodi ni hivyo hivyo, hazipitishi kitu mpaka volti za laini zizidi volti za kapasita. Kwa wati 100 kapasita yashuka kutoka 339 hadi kama 312, basi laini ikiwa chini ya 312 tivii haivuti hata chembe kutoka ukutani, yaishi kwa akiba. Ikipita 312 ndo yavuta, na hiyo nafasi ni kama milisekunde 1.3 katika kila 10. Chakula cha milisekunde 10 chote chaliwa kwa 1.3! Ndo pale wapata mwiba wa ampia 4 na zaidi, wakati taa ya zamani ya wati 100 kilele chake ni ampia 0.6 tu.

Na ule mwiba ndo wapasha nyaya moto, kwa sababu joto lafuata ampia mara ampia. Ukipiga hesabu ya RMS, yaani ampia zihesabiwazo kwa joto hilo, kwa waya usio na ukinzani wapata karibu ampia 0.96, zidisha kwa 240 ni VA 230, na kazi yenyewe ni wati 100, wati gawa kwa VA ndo pawa fakta, hapa 0.43. Nyaya za kweli hulainisha mwiba, kwa hivyo mara nyingi utakuta 0.55 hadi 0.65. Tivii sita kwa 0.6 ni VA 1000, inverta imeshafika mwisho, na miiba yote sita yaja wakati mmoja pale pale kileleni.

Na ile mita je? Mita isiyo ya True RMS hupima wastani halafu yazidisha kwa 1.11, ikidhani wimbi ni safi. Lakini angalia, 600 gawa kwa 240 ni 2.5, na RMS ya kweli haiwezi kushuka chini ya hapo hata iweje. Mita ikikuonyesha 2 na kidogo, ujue yakudanganya, na ujue kuna miiba.

Kuna atakayesema tufunge kapasita kwa laini kama tufanyavyo kwa mota. Hapana ndugu yangu, mota ampia zake zachelewa, hizi hazichelewi, zimeharibika umbo, kapasita haitazirudisha.

PFC yenyewe ni pampu pale kwa tuta. Baada ya briji hakuna kapasita kubwa, kuna koili, mosfeti na daiodi, halafu ndo kapasita kubwa ya volti 450. Mosfeti ikipitisha stima koili yavuta ampia, ikikata koili yazisukuma juu kupitia daiodi mpaka kapasita ikae kama volti 390, hata kama laini wakati huo ina volti 50 tu, na yafanya hivyo maelfu ya mara kila sekunde. Chipu yaangalia laini: volti kidogo vuta kidogo, volti nyingi vuta nyingi, basi ampia zachukua umbo la volti. Zile 390 si za bure, lazima zikae juu ya kilele cha laini, kikizidi pampu yashindwa na mwiba warudi. Kiasi kidogo chapotea kama joto, lakini pawa fakta yafika 0.95 hadi 0.99, na tivii sita za namna hiyo zingevuta kama VA 650.

Na mkifungua saplai yenye PFC, ile kapasita hubaki na volti mia tatu na kitu hata plagi ishatoka. Itoeni chaji kwa rezista, mpime, ndo mguse.