Oda Yako Itasukuma Bei Kiasi Gani?

SALIM: Zuhura, leo nina skrinshoti ya daftari la oda, ile orodha ya oda za kununua na kuuza zinazosubiri sokoni. Upande mwekundu wa wauzaji kuna bei nne: 10.02, 10.03, 10.06 na 10.15. Upande wa kijani, mnunuzi wa juu kabisa yuko 9.98. Nianzie wapi?

ZUHURA: Katikati, rangi mbili zinapokutana. Muuzaji wa bei ya chini kabisa anataka 10.02, mnunuzi anatoa 9.98. Spredi, yaani tofauti ya bei hizo mbili, ni 0.04, na kwa bei ya katikati ya 10.00 hiyo ni asilimia 0.4. Ukinunua na kuuza papo hapo unaipoteza yote, kabla hata ya makato.

SALIM: Sawa. Nataka vipande 1,000 kwa oda ya soko, ile inayonunua papo hapo kwa bei zilizopo. Safu ya mwisho inasema 300, 500, 900, 1,900. Basi 300 na 500 ni 800, nikimega 200 kwenye 10.06 nimemaliza.

ZUHURA: Ngoja kwanza, kaka. Safu hiyo ina kichwa gani?

SALIM: “Jumla.”

ZUHURA: Ehee! Hizo zimelimbikizwa. Hata kichwa kikikatwa kwenye picha, namba zinazopanda tu bila kushuka hata mara moja zitilie shaka. Toa kila moja na iliyotangulia: 300, 200, 400, 1,000. Hicho ndicho kilichopo kwenye kila bei.

SALIM: Kumbe! Basi nachukua 300, 200 na 400, halafu 100 za mwisho kwa 10.15. Nalipa 10,051, wastani 10.051. Bei imepanda kwa 0.051?

ZUHURA: Hapana, huo ni wastani wako ukilinganisha na katikati. Bei ya muamala wa mwisho ni 10.15, na muuzaji wa chini aliyebaki yuko hapo hapo na vipande 900. Spredi sasa ni 0.17.

SALIM: Vipande 100 tu vimefanya hayo?

ZUHURA: Kati ya 10.06 na 10.15 hakuna mtu. Ungeweka oda yenye kikomo cha 10.06, ungepata 900 kwa wastani wa 10.04, na 100 zingebaki zikisubiri muuzaji. Mimi ningefanya hivyo, ila pengine muuzaji huyo asitokee.

SALIM: Hesabu hii naiamini kiasi gani?

ZUHURA: Ni makadirio. Picha ni ya sekunde moja iliyopita au zaidi. Oda zinafutwa, nyingine zimefichwa, na wauzaji wapya wanaweza kuziba pengo lile. Tena kagua kipimo cha kukusanya bei, kile kinachounganisha bei za karibu kwenye mstari mmoja. Kikiwa 0.1, bei zako tatu za mwanzo zinamezwa na mstari mmoja wa 10.1, wanunuzi wanashushwa hadi 9.9, na spredi inaonekana 0.2.

SALIM: Yangu imeandikwa 0.01.

ZUHURA: Basi hesabu yetu inasimama, kwa sekunde ile.