Tanbihi si Stoo: Maelezo ya Pembeni Yaende Wapi Katika Insha ya Hoja

Mabibi na mabwana, walimu na wanafunzi mliofika, asanteni. Mada ya leo ni nyembamba na ningependa ibaki hivyo. Umemaliza rasimu ya insha ya hoja, ndani yake mna aya kadhaa zinazotoka nje ya njia, na unazipenda. Ipi iteremke chini ya ukurasa iwe tanbihi, na ipi ifutwe kabisa?

Tuchukue rasimu moja tukae nayo. Ni insha ya maneno kama 1,500, na dai lake ni kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi za Uganda kuanzia darasa la nne. Sababu ya kwanza ni muda: anayeanza darasa la nne atakuwa na miaka minne ya somo hilo hadi mtihani wa PLE mwishoni mwa darasa la saba. Sababu ya pili ni kwamba Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi. Katikati ya hoja hizo mwandishi amepenyeza mambo manne: tangazo la Idi Amin la mwaka 1973, masharti ya Katiba, Kiswahili cha jeshi tangu enzi za Keya, lile jeshi la Waingereza la wakati wa ukoloni, na suala la lugha ya kufundishia katika darasa la nne.

Usianze kwa kufuta. Andika dai lako kwa sentensi moja juu ya ukurasa wa kwanza, kisha pembeni mwa kila aya andika swali ambalo aya hiyo inalijibu. Nasema swali, si mada. Ukiandika "historia" pale pembeni hujajisaidia chochote, ukiandika "Je, Kiswahili hakikuwa na hadhi yoyote kabla ya 2005?" sasa una kitu cha kupima. Kipimo chenyewe ni kujiuliza nani atauliza swali hilo, na jibu litafanya nini kwa dai. Kama hakuna msomaji atakayeliuliza akiwa amefika sentensi ile, maelezo yafutwe. Kama ataliuliza msomaji makini anayetaka usahihi, lakini dai linasimama vilevile jibu liwe hili au lile, hapo ndipo mahali pa tanbihi. Na kama ataliuliza mpinzani, na jibu linaweza kuliangusha dai, basi si maelezo ya pembeni hata kidogo. Ni hoja, na mahali pake ni juu, katika matini.

Tuanze na Amin. Matini inasema Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005. Msomaji wa Kampala mwenye umri wa kutosha atasimama hapo hapo: mbona mwaka 1973 Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa? Swali ni la haki, na mwandishi asipoligusa ataonekana hajui. Lakini dai la darasa la nne haliongezewi wala halipunguziwi kitu na jibu hilo. Basi iwe tanbihi. Kwenye rasimu jambo hili lilichukua maneno karibu 90, pamoja na maelezo ya utawala wa Amin ambayo hakuna aliyeyauliza. Likiteremka linabaki hivi: "Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Hapa ninazungumzia hadhi iliyomo katika Katiba ya sasa pekee." Sentensi ya kwanza inajibu swali, ya pili inamrudisha msomaji kwenye njia. Tanbihi ya maelezo ikizidi sentensi tatu, ishuku: ama ni hoja iliyojificha, ama mwandishi ameshindwa kuachana na kitu chake.

Katiba ni ngumu zaidi, na hapa ndipo wengi hukosea. Ibara ya 6 inasema Kiswahili ni lugha rasmi ya pili, itakayotumika katika mazingira ambayo Bunge litaweka kwa sheria. Mwandishi wetu aliliweka sharti hilo la Bunge kwenye tanbihi. Je, alikosea? Inategemea alichokijenga juu yake. Kama matini inataja hadhi ya lugha kama mandhari tu, tanbihi inatosha. Lakini rasimu inasema: "Kwa kuwa ni lugha rasmi, shule zinawajibika kuifundisha." Sasa sharti la Bunge linagusa mhimili wenyewe, maana hadhi peke yake haijaiwajibisha shule yoyote. Msomaji akiligundua chini ya ukurasa atahisi amefichwa kitu, na atakuwa na haki. Njia ni mbili: alipandishe juu na kupunguza ukali wa sentensi yake, au aiache sentensi ile na kuutegemea uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa Julai 2022, uliopendekeza somo hilo liwe la lazima katika shule za msingi na sekondari. Jambo lile lile, basi, laweza kuwa tanbihi katika insha moja na hoja katika nyingine.

Keya haina mjadala mrefu. Kiswahili cha kambini, na jinsi raia wengi walivyokuja kukihusisha na bunduki, ni habari nzuri mno. Ingekuwa insha kuhusu mitazamo ya watu juu ya lugha hii, ingekuwa uti wa mgongo. Katika insha ya darasa la kuanzia, hakuna anayeuliza. Ifutwe. Ihamishie kwenye faili lingine ukiipenda, ila usiipe tanbihi kama pole.

La nne ndilo lenye hatari kubwa. Tanbihi ya rasimu inasema: "Ni kweli kwamba darasa la nne ndilo la mpito." Hapo imeishia. Wenye watoto shuleni wanajua maana yake: kwa mtaala wetu, darasa la kwanza hadi la tatu hufundishwa kwa lugha ya eneo panapowezekana, na darasa la nne mtoto anaanza kuhamia Kiingereza. Kumwongezea lugha ya tatu mwaka huo huo ndilo pingamizi zito kuliko yote dhidi ya dai hili, nalo limefungiwa chini ya ukurasa kwa herufi ndogo. Lipandishwe, lipewe aya nzima na jibu. Na kama jibu halipatikani, dai libadilike, pengine lianzie darasa la tano, na hesabu ya miaka minne iwe mitatu.

Ukimaliza kupanga, soma insha yote kwa sauti bila tanbihi hata moja. Asiyezisoma awe amepata hoja kamili; anayezisoma asikute humo kitu kitakachombadilisha mawazo.

Kisha kagua viungo. Aya ikiondoka, sentensi inayofuata mara nyingi huning'inia. Katika rasimu yetu, baada ya aya ya Amin palikuwa na "Hali hiyo ilibadilika mwaka 2005." Aya imeteremka, hali ipi? Tafuta "hiyo", "hao", "hata hivyo" na "kwa hiyo" mwanzoni mwa kila sentensi iliyopakana na pengo, na uziandike upya. Namba ya tanbihi nayo ikae mwisho wa sentensi, baada ya nukta, ili msomaji amalize wazo kabla macho hayajashuka. Na kabla ya kukabidhi, uliza kama tanbihi zinahesabiwa katika idadi ya maneno, maana taratibu hutofautiana.