Wazazi Wanaweza Kusubiri, Marafiki Je?

Dada zangu na kaka zangu wa Mbeya, asanteni kwa kuja jioni hii na baridi yote hii. Nazungumzia jambo moja: umekaa na mwenzako muda mrefu, na hakuna mtu wake hata mmoja anayekujua.

Kuhusu wazazi, wengi wenu mnahukumu mapema. Huku kwetu Nyanda za Juu, kijana kumpeleka binti nyumbani si matembezi. Akifika naye Tukuyu au Makambako, wazee wataanza kuuliza barua ya posa inakuja lini na mshenga ni nani. Asiyejipanga kwa mahari, au anayejua mama yake atagoma kwa sababu ya kabila au dhehebu, anaweza kuchelewa na bado anakutaka kwa dhati. Mradi anakwambia kinachomzuia, na unaona anakishughulikia.

Marafiki ni habari nyingine, maana rafiki hadai posa. Chukueni mfano wa dada anayeuza nguo Mwanjelwa, anaishi Uyole na dereva wa malori ya Tunduma, mwaka wa tatu huu. Wenzake dereva hawafiki nyumbani. Simu ikiita anatoka nje. Akiulizwa anajibu, "Mimi sipendi watu wajue mambo yangu." Sasa dada atazame: je, ni msiri kwa kila kitu? Kama wenzake wanajua kiwanja chake, mshahara wake na hata ugomvi wake na bosi, basi si msiri. Anamficha yeye. Huenda ana mke mahali, huenda anataka abaki huru kuondoka bila kuulizwa na mtu. Mimi siwezi kusema ni lipi, lakini yote mawili yanamgharimu dada.

Na hapa inaingia sheria, jambo linaloniumiza kila nikiliona. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakithibitika wameishi pamoja miaka 2 au zaidi, na watu wakawachukulia kama mume na mke, mahakama itadhani wameoana, hadi ithibitishwe vinginevyo. Miaka peke yake haitoshi. Wanatakiwa watu wa kusema, "Tuliwajua kama mume na mke." Aliyefichwa miaka yote hiyo atamwita nani? Na ikionekana mwanamume ana ndoa ya mke mmoja inayoendelea, dhana hiyo inavunjika, ingawa mwanamke bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto.

Kwa hiyo dada, usianze na wazazi. Mwambie, "Jumapili hii mwalike rafiki yako mmoja, nipike, tule wote." Akikataa hata hilo, na sababu inabadilika kila wiki, pesa yako ya kibanda isiingie kwenye kiwanja chenye jina lake peke yake.