Mtani Wangu Hayuko Peke Yake Kwenye Grupu

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Wengi wenu mnashughulika na mizigo inayotoka bandari ya Dar es Salaam na kuvuka Rusumo kwenda Kigali, na wengine mnapokea ile ya Mombasa. Mnafanya kazi na watu ambao hamjawahi kuonana nao ana kwa ana, na siku nzima mnaongea nao kwenye grupu la WhatsApp. Nimeombwa nizungumzie utani katika meseji hizo. Nitaanza na utani wenyewe, kwa sababu sisi Watanzania tunauishi bila kuutazama, na kwa hiyo hatujui ni wapi unakoma.

Utani wa makabila una masharti. Mngoni na Msukuma ni watani, Mchaga na Mpare ni watani, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Wazee wetu husimulia kwamba baadhi ya utani huo ulizaliwa vitani, watu wakapigana kisha wakapatana, na mwingine ulizaliwa njiani, wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na kuhitaji mahali pa kulala katika nchi za watu. Mtani aliruhusiwa kukutania, lakini pia alibeba wajibu. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kusaidia mazishi, na ndiye huyo huyo anayemwigiza marehemu mbele ya waombolezaji na kuzuia shughuli mpaka apewe chochote. Hakuna anayemkasirikia. Mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown aliandika mwaka 1940 kwamba katika uhusiano wa namna hii mmoja anaruhusiwa kumtania mwenzake, na mwenzake anatakiwa asiudhike. Ukitazama vizuri, utaona ruhusa hiyo si ya mtu mmoja. Ni ya watu wawili, wote wawili wanaijua, na waliokaa pembeni wanaijua pia.

Sasa tuiingize kwenye simu. Tuchukue grupu la mfano, la mawakala wa forodha na wasafirishaji, watu kama arobaini hivi. Wamo Mchaga wa Moshi, Mpare wa Same, Mkikuyu wa Nakuru na Mnyarwanda wa Kigali. Wanachangia harusi ya mwenzao. Mpare amechelewa kutoa, Mchaga anaandika: "Mtani, toa basi. Au unasubiri hukumu ya kesi ya kuku uliyouzia ng'ombe?" Mpare anajibu palepale: "Natoa. Ila ninyi msimpe Mchaga kushika daftari, atawakopesha hela zenu wenyewe kwa riba." Hapo kila kitu kiko sawa. Neno "mtani" limetangulia, sifa za pande zote mbili ni za siku nyingi, na jibu limekuja na uzito uleule.

Mchaga amechangamka, anageuka upande wa pili: "Na wewe Mkikuyu usijifiche, tunajua mnavyopenda hela, mtatuibia hata hii ya harusi." Kwake yeye hajatoka nje ya mchezo. Yeye mwenyewe ametoka kutaniwa kuhusu hela sasa hivi, na hakuona vibaya. Lakini huyu wa Nakuru hana utani na Mchaga. Kwao maneno ya kabila fulani kupenda hela na kuiba yamepita kwenye mikutano ya kampeni, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Bonde la Ufa liliungua, Nakuru ikiwemo. Zaidi ya watu elfu moja waliuawa nchini, na mwaka 2008 Kenya ikatunga sheria ya utangamano wa taifa inayoadhibu matamshi ya chuki ya kikabila. Mtu aliyekulia hapo hawezi kusoma sentensi ile kama ya harusi.

Huko Kigali kuna neno zito zaidi. Kwetu mtu akivamia chakula jikoni usiku, tunaweza kumwita mende na tukacheka. Mwaka 1994 redio ya RTLM iliwaita Watutsi kwa neno la Kinyarwanda lenye maana hiyo hiyo, wakati watu wanauawa barabarani. Usimwandikie Mnyarwanda neno hilo, hata mkiwa marafiki, hata ukiweka emoji kumi za kicheko. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu emoji ndizo zinazotudanganya. Emoji inaonyesha kwamba wewe unacheka. Haina uwezo wa kumpa mwenzako ruhusa ambayo hajakupa.

Mtaniambia, basi tubaki kwenye mpira. Simba na Yanga ni watani wa jadi, nani ataumia? Mpira ni salama zaidi, kweli, kwa sababu timu mtu ameichagua mwenyewe na anaivalia jezi. Lakini ukivuka mpaka, uliza kwanza. AFC Leopards ilianza kwa jina la Abaluhya, na Gor Mahia imebebwa na Waluo tangu kuanzishwa mwaka 1968. Ukimcheka shabiki wa Gor kwa kufungwa mabao matatu, umetania timu. Ukiongeza neno moja juu ya "watu wa huko kwao", umeshaingia kwenye kabila.

Kwa hiyo, na mtu ambaye hamna utani wa asili, ruhusa inajengwa polepole. Ninavyoona mimi, mwache yeye aanze. Jiweke wazi kwa jambo dogo lako, labda kupenda kwako chai ya sukari nyingi, uone kama atalishika na kukurushia. Akikurushia, mrudishie kwa jambo alilolichagua au alilolionyesha mwenyewe: timu yake, gari lake bovu, mazoea yake ya kutuma ujumbe wa sauti wa dakika saba. Kabila, dini, umbo na nchi viacheni. Na mfanye hivyo kwanza mkiwa wawili, si mbele ya watu arobaini, kwa sababu kwenye grupu hata anayekubali utani anaweza kuona aibu kuonekana anaukubali. Isitoshe, meseji ikipigwa picha na kupelekwa kwingine, neno "mtani" la juu hubaki nyuma, na kinachosafiri ni tusi peke yake.

Utajuaje kwamba umeumiza? Mara nyingi hutaambiwa. Watu wetu wa pwani na wa bara wana heshima, hawagombani mbele za watu. Aliyekuwa akijibu kwa maneno kumi anaanza kujibu "Sawa." Anaongelea kontena tu. Au anacheka mara moja, kisha hakutanii tena wewe peke yako, huku akiendelea na wengine. Hiyo ya mwisho ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote, kwa kuwa utani ulio hai huenda na kurudi.

Ukiiona, usikimbilie kufuta. Ukifuta kwa wote, WhatsApp huacha alama kwamba ujumbe ulifutwa, na waliokwisha kuusoma wamekwisha kuusoma. Kuhariri kunaruhusiwa kwa dakika kumi na tano, lakini nako huacha alama. Mpigie simu, asikie sauti yako. Taja sentensi yenyewe uliyoandika, useme hukupaswa kumwandikia, na uishie hapo. Usimweleze kwamba kwenu ni utani. Maelezo hayo yanamfanya yeye aonekane mwenye kosa la kutoelewa. Kisha rudi kwenye grupu uandike mstari mmoja, kwa kuwa uliyemwambia mbele ya watu ana haki ya kuombwa radhi mbele ya watu hao hao: "Kaka, lile la jana juu ya Wakikuyu nalirudisha, samahani." Wenye kuongoza grupu, mstari huo ukishaandikwa, pelekeni mazungumzo kwenye mzigo unaofuata, na msiruhusu mtu mwingine aufanyie mzaha.